Herufi Mbili za Mama Nasra

Mke wangu, Mama Nasra, ni muuguzi. Alisoma stashahada, akasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, akafanya kazi wodi ya wazazi hapa Tanga, na kwa muda wote huo jina lake halikumletea tabu yoyote. Tabu ilianza pale hospitali moja binafsi ya Maskati ilipokubali kumwajiri kwa sharti kwamba kwanza apate leseni ya uuguzi ya Oman.

Leseni hiyo ina milango miwili. Wa kwanza ni uhakiki wa vyeti: kampuni inayofanya kazi hiyo huwaandikia moja kwa moja chuo na baraza waliotoa vyeti, ikauliza kama kweli wanamtambua mtu huyu. Wa pili ni mtihani wa kompyuta. Mama Nasra alituma kila alichoombwa, akalipa, tukakaa kusubiri. Jibu lililokuja lilisema kwamba jina lililo kwenye stashahada halilingani na jina lililo kwenye pasipoti, na kwamba maombi yamesimama mpaka alete uthibitisho wa kisheria.

Tuliziweka karatasi mbili kando kwa kando chini ya taa ya sebuleni. Pasipoti inasema MWANAHAMISI ATHUMANI SAIDI. Stashahada inasema MWANAHAMISI ATHUMAN SAID. Kuna i mbili zilizokosekana, moja mwishoni mwa jina la baba na nyingine mwishoni mwa jina la babu. Kwa mtu wa pwani, Athuman na Athumani ni mtu huyo huyo, na hakuna jirani hata mmoja ambaye angesita. Lakini anayehakiki vyeti akiwa nchi nyingine hana jirani wa kumuuliza. Ana karatasi mbili tu mezani, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu hatumii stashahada ya mwenzake. Mwanahamisi wamejaa Tanga nzima. Nilipoliwaza hivyo, hasira ilinitoka, tukaanza kutafuta njia.

Habari ikafika kwa wakwe kabla ya magharibi. Ami yake, mdogo wa baba mkwe, alikuja usiku uleule na dawa mkononi. Yeye aliwahi kumsaidia mtu kubadili jina na anajua njia: unakwenda kwa wakili, unasaini hati ya kubadili jina, unaisajili kwa Msajili wa Hati, basi. "Mwanangu, leseni inatokana na vyeti, haitokani na pasipoti," akamwambia mke wangu. "Jiite Athuman Said kama vyeti vinavyosema, halafu ubadili pasipoti. Mambo kwisha."

Baba mkwe alikuwa ameketi karibu na mlango, fimbo magotini. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na ni mtu wa maneno machache. Aliuliza swali moja tu: "Na cheti chake cha kuzaliwa kinasemaje?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Kesho yake Mama Nasra alitandika mkeka, akateremsha kutoka juu ya kabati lile bati la biskuti ambamo nyumba hii inahifadhi karatasi zake, akapanga kila kitu chenye jina lake. Hakuvipanga kwa ukubwa wala kwa tarehe. Kila karatasi aliiuliza: wewe jina hili ulilitoa wapi?

Cheti cha kuzaliwa kilitoka kwenye rejesta ya vizazi, na kinasema Athumani Saidi. Kitambulisho cha taifa kilifuata cheti cha kuzaliwa. Pasipoti ya kielektroniki, aina iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, haiombwi bila namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo nayo ilifuata njia hiyohiyo. Hizo zikakaa upande wa dirishani.

Upande wa pili kulikuwa na cheti cha kidato cha nne. Baraza la Mitihani huandika jina kama shule ilivyomsajili mtahiniwa, na shuleni kwake aliyeandika orodha alipunguza zile herufi mbili. Chuo cha uuguzi kilimpokea kwa cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo stashahada ikanakili jina la shule. Baraza la wauguzi likamsajili kwa stashahada, na leseni yake ya hapa nyumbani ikanakili stashahada. Kosa lilifanyika mara moja tu, katika orodha ya shule, na kila ofisi iliyofuata ilinakili kwa uaminifu kile ilichopewa.

Tulipoona hivyo, ushauri wa ami ulibadilika sura. Tungebadili pasipoti ifuate vyeti, pasipoti isingebadilika peke yake. Ingebidi kwanza kitambulisho cha taifa kibadilike, na nyuma yake kingebaki cheti cha kuzaliwa kinachosema vingine. Kulikuwa pia na karatasi nyingine ambayo hakuna aliyeikumbuka mpaka binti yetu Nasra mwenyewe alipoichomoa katikati ya nyaraka: cheti chake yeye cha kuzaliwa, ambacho mahali pa jina la mama pameandikwa Mwanahamisi Athumani Saidi. Mama akijiita Athuman Said leo, kesho mtoto ndiye atakayeulizwa mama yake ni nani. Tungehamisha tatizo kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Njia ya kinyume, kurekebisha vyeti vifuate pasipoti, nayo tuliitazama. Kuna cheti cha kidato cha nne, stashahada, na usajili wa baraza, na kila kimoja kina ofisi yake na kinamsubiri mwenzake wa juu kirekebishwe kwanza. Ajira ya Maskati ilikuwa na tarehe. Isingetungoja.

Wakili tuliyemwendea ni mama mmoja ambaye pia ni kamishna wa viapo. Mke wangu alimwamkia, akamweleza yote, akamwonyesha karatasi kwa mpangilio ule wa mkekani. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tarehe ya kuzaliwa ni moja kwenye karatasi zote. Tukazipitia moja moja mbele yake. Ni moja. Akauliza kama jinsia, mahali pa kuzaliwa na mpangilio wa majina vinakubaliana. Vinakubaliana. "Basi hujabadili jina," akasema. "Jina lako ni lilelile, limeandikwa kwa tahajia mbili. Hati ya kubadili jina haikufai. Hiyo ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine, na inafanya kazi kuanzia siku anayoisaini kwenda mbele. Cheti chako cha zamani haikigusi. Wewe unahitaji kiapo kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na ningependa kila nyumba yenye msomi ilijue. Hati ya kubadili jina inasema: nilikuwa fulani, sasa ni fulani. Kiapo cha utambulisho kinasema: fulani na fulani ni mimi, tangu mwanzo. Anayesaini ya kwanza kwa tatizo la pili anajitengenezea jina la tatu la kulieleza. Kiapo nacho kina mpaka wake. Kinatosha pale tofauti inapokuwa ya herufi, kifupisho au mpangilio, na mambo mengine yote yanakubaliana. Ikiwa tarehe ya kuzaliwa nayo inatofautiana, au shuleni mtu alitumia jina la mjomba aliyemlea, au jina lilibadilika kwa ndoa au kwa dini, kiapo peke yake ni dhaifu, na mwenye kupokea ana haki ya kudai zaidi. Kukubaliwa au kukataliwa kwake kuko mikononi mwa anayetoa leseni, kwa hiyo jambo la busara ni kumwandikia kwanza na kumuuliza anataka hati gani hasa. Wakili alitushauri hivyo, tukafanya hivyo. Wakajibu kwamba wanataka kiapo kinachotaja tahajia zote mbili, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya baraza lililomsajili.

Cheti cha kuzaliwa kikatupa kisa chake. Mama mkwe, kwa mapenzi na kwa hofu ya mvua za masika, alikuwa amekipeleka zamani kikapigwa plastiki. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, na kwa kazi hii hakifai, maana hati inayokwenda kuidhinishwa inapigwa mihuri, na plastiki haipokei muhuri. Mama wa watu alihuzunika sana. Mke wangu akamshika mkono, akamwambia, "Mama, bila hiyo plastiki kingeshaoza, na leo nisingejua hata namba ya ingizo." Ilikuwa kweli, kwa sababu namba ya ingizo ndiyo inayowawezesha watu wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuitafuta rejesta.

Tuliomba nakala mpya kwa namba hiyo. Kuingoja kulikuwa kugumu kuliko kungoja jibu la Maskati, kwa sababu nakala mpya huandikwa kutoka kwenye rejesta, na sisi tulikuwa tumeona cheti tu. Ikiwa rejesta imeandika Athuman, mpango wetu wote umeanguka. Baba mkwe alikuwa akija kila jioni kuuliza. Karatasi ilipofika aliisoma yeye kwanza, kidole kikifuata mstari: jina la baba, Athumani Saidi. Akairudisha mezani na kuagiza chai.

Kiapo chenyewe ni karatasi fupi, na yafaa niseme kilivyokaa, maana nguvu yake iko kwenye utaratibu. Aya ya kwanza inamtaja kwa jina la pasipoti, anakoishi, na kwamba ni mtu mzima. Ya pili inasema alizaliwa lini na wapi, na inataja namba ya ingizo ya cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho na namba ya pasipoti, zote zikibeba ATHUMANI SAIDI. Ya tatu inataja cheti cha kidato cha nne kwa namba ya mtihani na mwaka, stashahada kwa namba yake, na usajili wa baraza kwa namba yake, vyote vikibeba ATHUMAN SAID. Ya nne inaeleza sababu: tahajia ilipunguzwa wakati wa usajili wa shule na ikanakiliwa. Ya tano ndiyo kiapo hasa, kwamba majina yote mawili ni yake peke yake na hakuna mtu mwingine anayeyatumia kwa vyeti hivyo. Kiliandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha waliyoomba wapokeaji. Kando yake baba mkwe aliapa kiapo chake cha mzazi, kwamba huyu ni bintiye wa kumzaa na kwamba Athuman Said anayetajwa kwenye vyeti ni yeye Athumani Saidi.

Tuliapa mbele ya kamishna mwingine, si wakili wetu, tukarudi nyumbani na karatasi zenye mihuri. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuzipiga picha ili azitume wakati baba mkwe alipovaa miwani yake, akasoma chini kabisa, chini ya saini, mahali ambapo hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa akipatazama.

"Hii haina mahali wala tarehe," akasema.

Kila kiapo kina sehemu ya mwisho ambapo kamishna anaandika kwamba kimeapwa mbele yake, wapi, na siku gani. Kwenye karatasi yetu muhuri ulikuwepo na saini ilikuwepo, lakini nafasi ya mahali na ya tarehe zilikuwa na vidoti tupu. Sheria inayosimamia makamishna wa viapo, Sura ya 12, inataka katika kifungu cha 8 kwamba mahali na tarehe ya kuapa viandikwe kweli. Mzee alikuwa ameona viapo vikitupwa nje mahakamani kwa upungufu huo huo. "Usijaze wewe," akamwambia binti yake, kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshaonekana. "Anajaza aliyeapisha. Mwandiko mwingine hapo ni kosa jipya." Tukarudi, tukaapa upya mbele ya kamishna yuleyule, na safari hii mzee alisoma mwisho kabla ya mwanzo.

Viapo vilipitia Wizara ya Mambo ya Nje kuidhinishwa, kisha ubalozi wa Oman jijini Dar es Salaam. Hapo sina kisa, ni kupanga foleni tu. Jambo lililohitaji akili lilikuwa barua ya baraza la wauguzi. Mwombaji wa leseni nje huhitaji baraza la kwao liandike kwamba amesajiliwa na hana kosa la kitaaluma. Barua hiyo ikitoka kwa jina la usajili peke yake, inarudisha tatizo lilelile kwa karatasi mpya. Mama Nasra aliandika ombi lake akiambatisha kiapo, akaomba barua itaje jina la usajili na jina la pasipoti katika sentensi moja. Na aliiomba mwishoni, baada ya mengine yote kukamilika, kwa sababu barua ya namna hiyo ina muda wake wa kutumika, na ikizeeka ndani ya bahasha inabidi iombwe tena.

Kisha ikaja fomu. Nilikaa naye usiku ule, Nasra amelala, tukajaza taratibu. Cheti kinaandika majina matatu mfululizo, lakini pasipoti inayagawa: jina la ukoo peke yake, majina mengine peke yake. Mgawanyo wenyewe unaonekana wazi chini ya ukurasa wa picha, kwenye mistari miwili ambayo mashine husoma. Mstari wa kwanza wa mke wangu ni huu:

```
P<TZASAIDI<<MWANAHAMISI<ATHUMANI<<<<<<<<<<<<
```

P ni pasipoti, TZA ni Tanzania, kisha jina la ukoo. Alama mbili za pembe zinatenga ukoo na majina mengine, na moja inatenga jina na jina. Mstari wa pili una tarakimu za kuhakiki zinazolinda namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha. Jina halina tarakimu yake. Mashine ikisoma herufi pungufu haitalia, kwa hiyo jina lazima likaguliwe kwa macho ya mtu, herufi kwa herufi. Tuliutumia mstari huo kama kipimo: kila fomu iliyouliza jina la mwombaji ilijazwa kama ulivyo, SAIDI kwenye ukoo na MWANAHAMISI ATHUMANI kwenye majina mengine.

Lakini fomu ya uhakiki ilikuwa na nafasi nyingine, ya jina kama lilivyo kwenye cheti. Mara ya kwanza mke wangu alikuwa ameombwa na wakala aliyemsaidia ajaze jina la pasipoti kote, ili "yafanane". Ushauri huo ndio uliofanya mambo yawe magumu zaidi. Mhakiki anaandikia chuo na kuuliza: mnamjua Athumani Saidi? Chuo kinafungua kitabu chake, kinamkuta Athuman Said, na mwandishi wa chuo, akiwa mkweli, anajibu kwamba jina hilo halimo. Safari hii nafasi ya cheti ilijazwa jina la cheti lilivyo, bila i, na kiapo kikaambatishwa kueleza. Kwa mtihani ikawa kinyume: miadi iliandikwa kwa jina la pasipoti, maana mlangoni msimamizi analinganisha miadi na kitambulisho kilicho mkononi, naye hana habari ya stashahada.

Majibu yalikuja salama. Vyeti vikathibitishwa, kiapo kikapokelewa, mtihani akaufanya na kuufaulu, leseni ikatoka kwa jina la pasipoti. Mama Nasra yuko Maskati sasa, wodi ya wazazi, na kila simu yake inaanza kwa kuuliza kama mtoto amekula.

Wiki iliyopita alipiga akauliza jambo jingine. Nasra yuko darasa la nne, na darasa la nne wana upimaji wa taifa. Alitaka nimwombe mwalimu orodha ya usajili, nisimame nayo na cheti cha kuzaliwa mkononi, nisome. Nilikwenda. Jina la Nasra lilikuwa sawa, la kwangu mimi baba yake lilikuwa limekosa herufi. Mwalimu alilirekebisha palepale kwa dakika chache, bila wakili, bila muhuri, bila ubalozi. Kisha akawaandikia wazazi wa darasa zima waje wasome orodha na vyeti vyao, na baba mkwe, aliyekuwa amenisindikiza, akajitolea kuketi naye mezani siku watakapokuja na kusoma majina yote.